Maslahi ya Kibima katika Mali: Historia ya Kanuni Kutoka Sheria ya 1745 hadi Kesi ya Macaura na Athari Zake kwa Nyumba na Gari

1. Utangulizi

Tarehe 22 Februari 1922, moto uliteketeza sehemu kubwa ya mbao zilizokuwa zimelundikwa katika shamba la Killymoon, jimbo la Tyrone, kaskazini mwa Ayalandi. Mwenye shamba, Bwana Macaura, alikuwa amezikatia mbao hizo bima ya moto kwa jina lake na ada alikuwa ameilipa. Hasara ilikuwa ya kweli, na aliyeumia kwa hasara hiyo alikuwa yeye. Hata hivyo, mwaka 1925 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya rufaa nchini Uingereza, liliamua kwamba kampuni za bima hazikuwa na wajibu wa kumlipa. Sababu iliyotolewa ni kwamba machoni pa sheria Macaura hakuwa na maslahi yoyote katika mbao zilizoungua.

Kanuni iliyomnyima Macaura fidia huitwa kanuni ya maslahi ya kibima. Kwa ufupi, inamtaka mtu anayekata bima ya mali awe na uhusiano na mali hiyo unaotambuliwa na sheria, kiasi kwamba mali ikisalimika ananufaika na ikiharibika anapata hasara. Mtu asiye na uhusiano huo hawezi kudai fidia hata kama ameilipa ada yote kwa wakati.

Insha hii inafuatilia namna kanuni hiyo ilivyojengeka katika sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo chimbuko la sheria ya bima ya Afrika Mashariki. Hoja yake ya msingi ni kwamba kanuni ilitungwa ili kumzuia mcheza kamari, lakini kipimo kilichochaguliwa kumtambua mcheza kamari kilikuwa kipimo cha haki ya kisheria, si kipimo cha hasara. Kwa sababu hiyo, kanuni imekuwa ikimzuia pia mtu mwaminifu ambaye hasara imemfika lakini karatasi zake hazikukaa sawa.

2. Dau lililovikwa joho la bima

Ili kuelewa sababu ya kanuni hii, ni vyema kuanza na mfano wa kubuni. Nyumba ina thamani ya shilingi 80,000,000. Jirani asiye na haki yoyote katika nyumba hiyo anakata bima ya moto juu yake na kulipa ada ya shilingi 160,000 kwa mwaka. Mwaka ukiisha salama, jirani amepoteza 160,000. Nyumba ikiungua, anapokea 80,000,000 ilhali hakupoteza hata tofali moja. Mkataba wa namna hii una sura ya bima, lakini kiini chake ni dau. Tena ni dau la hatari kuliko dau la farasi, kwa kuwa aliyeweka dau anaweza kuleta matokeo anayoyataka kwa kutumia kiberiti.

Mwenye nyumba halisi yuko katika hali tofauti. Fidia ya shilingi 80,000,000 inamrudisha pale alipokuwa kabla ya moto, wala haimpandishi juu zaidi. Hapa ndipo kanuni ya maslahi inapokutana na kanuni ya fidia. Fidia hufuata hasara, na pasipo maslahi hakuna hasara ya kufidiwa.

Mahakama za Uingereza zililiona jambo hili kuhusu nyumba hata kabla ya Bunge kuingilia kati. Katika shauri la Kampuni ya Sadlers dhidi ya Badcock la mwaka 1743, mpangaji alikuwa amekata bima ya moto ya nyumba aliyoipanga kwa mkataba wa miaka. Mkataba wa upangaji ulimalizika ilhali bima ilikuwa bado hai. Baadaye nyumba iliungua, na baada ya moto huo mpangaji akaihamishia hati ya bima kwa wenye nyumba. Lodi Hardwicke alikataa madai yao. Alieleza kwamba mwenye bima ya moto lazima awe na maslahi wakati wa kukata bima na pia wakati wa moto. Mpangaji alikuwa na maslahi ya kwanza, si ya pili. Siku ya moto nyumba haikuwa yake kwa namna yoyote, hivyo hakuwa na hasara, na asiye na hasara hana dai la kumhamishia mwingine. Bima, kwa mtazamo huo, haikuwa imekatwa kwa ajili ya kuta za nyumba. Ilikatwa kwa ajili ya mtu mwenye haki katika kuta hizo.

Katika bima ya bahari hali ilikuwa mbaya zaidi. Wafanyabiashara wa London walizoea kutoa hati zilizotamka wazi kwamba zingelipwa mkata bima awe na maslahi au asiwe nayo, au kwamba hati yenyewe ingetosha kuwa uthibitisho wa maslahi. Mazoea hayo yalikuwa na sababu ya kibiashara, kwa kuwa kuthibitisha umiliki wa shehena iliyo baharini kulikuwa kazi ngumu. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mfanyabiashara uliwaingiza pia waliokuwa wakibahatisha tu juu ya meli za wengine. Sheria ya Bima ya Bahari ya 1745 ilizitangaza hati za namna hiyo kuwa batili kwa meli za raia wa Uingereza na shehena zake. Utangulizi wa sheria hiyo ulitaja uovu uliokusudiwa kukomeshwa, ukiwamo uzamishaji wa meli kwa hila na uchezaji kamari uliojificha ndani ya bima.

Mwaka 1774 Bunge lilitunga sheria ya pili, iliyohusu bima ya maisha na matukio mengine. Ilikataza bima juu ya maisha ya mtu au tukio lolote ambalo mkata bima hana maslahi nalo, ikaagiza majina ya wenye maslahi yaandikwe katika hati, na ikaweka ukomo kwamba mtu asilipwe zaidi ya thamani ya maslahi yake. Sheria hiyo iliziacha nje bima za meli, bidhaa na shehena. Tofauti hii ilikuja kuwa na uzito katika karne ya 20, kwa sababu mwaka 1924, katika kesi ya Williams dhidi ya Chama cha Bima cha Baltic, mahakama iliamua kwamba gari ni bidhaa kwa maana ya sheria hiyo. Gari kwa hiyo halikuguswa na sheria ya 1774. Hilo halikumpa ruhusa asiye na maslahi kulikatia gari bima, kwa kuwa Sheria ya Kamari ya 1845 ilikwisha kuondolea madau nguvu ya kudaiwa mahakamani, na hati ya bima ya mali yenyewe huahidi kufidia hasara tu.

3. Vipimo viwili katika kesi ya Lucena

Sheria hizo zilidai maslahi bila kueleza kwa ukamilifu maslahi ni nini. Swali hilo lilijitokeza kwa nguvu katika kesi ya Lucena dhidi ya Craufurd, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1806.

Mwaka 1795 majeshi ya Ufaransa yalikuwa yameitwaa Uholanzi, na Uingereza ikaanza kuzishikilia meli za Kiholanzi. Makamishna waliteuliwa kuzitunza meli na mali zitakazoletwa katika bandari za Uingereza. Meli kadhaa zilikamatwa na kupelekwa kisiwa cha Sent Helena, na makamishna wakazikatia bima kwa safari ya kutoka huko hadi London. Baadhi zilipotea njiani. Kampuni za bima zilidai kwamba mamlaka ya makamishna yangeanza meli zikifika bandarini, hivyo zilipopotea hawakuwa bado na haki yoyote juu yake. Walikuwa na matarajio tu.

Majibu yaliyotolewa katika shauri hilo yamegawanya wanasheria hadi leo. Jaji Lawrence alikiona kipimo katika hali halisi ya mambo. Kwake, mtu ana maslahi ikiwa amewekwa mahali ambapo usalama wa kitu utamnufaisha na uharibifu wake utamdhuru, kiasi kwamba bila hatari hiyo faida ingemfikia kwa mwendo wa kawaida wa mambo. Lodi Eldon alikikataa kipimo hicho. Alitaka haki katika mali, au haki inayotokana na mkataba kuhusu mali hiyo, ambayo inaweza kupotea kwa tukio linalogusa umiliki au matumizi yake.

Sababu ya Eldon ilikuwa ya kivitendo. Alieleza kwamba ikiwa matarajio ya hakika yanatosha, basi kila meli inayokuja London itakuwa na mamia ya watu wenye uwezo wa kuikatia bima: kampuni ya gati, msimamizi wa gati, mwenye ghala, mpagazi, na kila mwingine ambaye bila shaka angepata chochote meli ikifika. Kipimo cha Lawrence hakikuwa na ukingo. Kipimo cha Eldon kilikuwa nao, na ukingo huo ungeweza kuthibitishwa kwa karatasi.

Ikumbukwe kwamba wapagazi wa mfano wa Eldon hawakuwa wacheza kamari. Meli ikipotea, wangekosa ujira wa kweli. Kwa hiyo tangu 1806 swali lilikuwa limekwisha kuhama. Badala ya kuuliza kama mkata bima anabahatisha, sheria ilianza kuuliza kama ana haki. Mabadiliko hayo hayakuonekana kuwa na madhara makubwa hadi kesi ya Macaura ilipofika mahakamani.

4. Kesi ya Macaura: mwenye hasara asiye na maslahi

Mbao za Killymoon zilikuwa mali ya Macaura kabla ya mwisho wa mwaka 1919. Wakati huo alikubali kuziuza kwa kampuni iliyoitwa Irish Canadian Saw Mills kwa bei ya pauni 42,000. Bei hiyo haikulipwa kwa fedha taslimu. Ililipwa kwa hisa 42,000 za pauni moja moja, zilizotolewa kwake na kwa watu aliowateua. Aidha, kampuni ilikuwa inadaiwa naye takribani pauni 19,000 kwa gharama za kazi ya kukata na kupasua miti. Deni hilo halikuwa na dhamana yoyote juu ya mbao.

Kwa mtu wa kawaida, picha ni rahisi kueleweka. Mbao zilikuwa katika shamba la Macaura, kampuni ilikuwa yake, na deni kubwa la kampuni lilikuwa kwake. Mwanzoni mwa 1922 alizikatia bima mbao hizo kwa jina lake, kana kwamba uuzaji haukuwa umebadilisha kitu. Wiki chache baadaye zikaungua. Kampuni za bima zilileta kwanza tuhuma za udanganyifu, ambazo hazikuthibitika. Kilichobaki ni hoja ya maslahi.

Baraza la Malodi lilichunguza nafasi mbili ambazo Macaura angeweza kuzisimamia. Ya kwanza ilikuwa nafasi ya mwanahisa. Lodi Buckmaster alieleza kwamba mwanahisa hana haki katika kitu chochote mahususi kinachomilikiwa na kampuni. Haki yake ni kupata sehemu ya faida kampuni ikiendelea, na sehemu ya masalio ikifungwa. Msimamo huo ulifuata uamuzi wa Salomon wa mwaka 1896, uliothibitisha kwamba kampuni ni nafsi ya kisheria iliyo mbali na wenye hisa, hata kama hisa karibu zote ziko mkononi mwa mtu mmoja. Nafasi ya pili ilikuwa ya mdai. Mdai asiye na dhamana anamdai mdaiwa, haidai mali ya mdaiwa. Mbao zikiungua, deni linabaki lilivyo. Kinachopungua ni uwezo wa mdaiwa kulipa. Lodi Sumner alihitimisha kwamba Macaura hakuwa na uhusiano wowote wa kisheria wala wa haki ya usawa na mbao hizo. Uhusiano wake ulikuwa na kampuni.

Ugumu wa uamuzi huu unaonekana wazi pale tunapoorodhesha njia alizokuwa nazo Macaura kabla ya moto. Angeweza kuikata bima kwa jina la kampuni, nayo ingelipwa kama mmiliki. Angeweza kuweka rehani ya mbao kwa deni lake la pauni 19,000, naye angekuwa na maslahi hadi kiasi cha deni hilo. Au angeweza kutokuuza mbao kabisa. Ada ingekuwa ileile, hatari ileile, na hasara ileile. Jina moja katika hati lilitenganisha fidia na kapu tupu.

5. Gari lililouzwa na jina lililobaki

Kanuni hiyohiyo ilifika kwenye magari katika muongo uliofuata. Katika kesi ya Tattersall dhidi ya Drysdale ya mwaka 1935, mwenye bima alikuwa amekwisha kuliachia gari lililotajwa katika hati yake. Hati hiyo ilikuwa pia na kifungu kilichomkinga akiendesha gari lisilo lake. Mahakama iliamua kwamba alipopoteza maslahi katika gari lililotajwa, bima yenyewe ilikoma, na kifungu cha nyongeza kikakoma pamoja nayo. Mwaka 1938, katika kesi ya Peters dhidi ya General Accident, muuzaji alimkabidhi mnunuzi gari pamoja na hati ya bima. Mahakama ya Rufaa ilikataa kuiona hati kama sehemu ya gari. Kampuni ya bima ilikuwa imempima dereva na mwenendo wake, na mkataba huo wa mtu binafsi haungeweza kuhamishwa bila ridhaa yake.

Maamuzi haya yana uhusiano wa moja kwa moja na Afrika Mashariki. Sheria ya kawaida ya Kiingereza, haki ya usawa na sheria za matumizi ya jumla zilipokelewa nchini Kenya kwa kipimo cha tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kwa kipimo cha tarehe 22 Julai 1920. Kwa njia hiyo, dhana ya maslahi ilikwisha kuwa na sura ya Eldon ilipoingia katika mahakama za eneo hili.

Sura hiyo inakutana na mazoea ambayo kila mtu anayajua. Gari huuzwa kwa makubaliano, fedha hulipwa, funguo na kadi hukabidhiwa, lakini jina katika kadi hubaki la mmiliki wa kwanza kwa miezi, pengine kwa miaka. Tuchukulie kwamba muuzaji ndiye aliyekata bima kubwa, nayo ina miezi minane zaidi. Mnunuzi anaendelea kulitumia gari akiamini kwamba bima ipo, kwa kuwa stika iko kiooni. Gari linaibwa. Nani atalipwa?

Muuzaji anashindwa kwa sababu ileile iliyomshinda mpangaji wa mwaka 1743. Alikuwa na maslahi alipokata bima, lakini siku ya wizi alikuwa amelipwa bei yake yote, na wizi haukumpunguzia kitu. Kubaki kwa jina lake katika kadi hakumwokoi. Sheria ya Usalama Barabarani ya Kenya, kifungu cha 8, humchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mmiliki isipokuwa ithibitishwe vinginevyo, na mkataba wa mauzo pamoja na risiti ya malipo ndiyo uthibitisho wa vinginevyo. Mnunuzi naye anashindwa kwa sababu nyingine. Maslahi anayo kamili, kwa kuwa gari ni lake na hasara ni yake, ila hana mkataba na kampuni ya bima. Maslahi yako kwa mtu mmoja, mkataba uko kwa mwingine, na fidia inahitaji vyote viwili vikutane.

Mambo yangekuwa tofauti kama bei haikuwa imelipwa yote na muuzaji amebakiza umiliki hadi malipo ya mwisho. Hapo angekuwa na maslahi ya kweli. Vilevile fundi wa gereji aliyekabidhiwa gari ana maslahi, ingawa si lake, kwa sababu sheria inaweza kumwajibisha likiharibika mikononi mwake. Benki iliyokopesha kwa dhamana ya gari ina maslahi hadi kiasi cha mkopo. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba ni mmiliki pekee anayeweza kukata bima. Linaloangaliwa ni kama sheria imemfunga mtu huyo na mali kwa haki au kwa wajibu. Baba anayekata bima kwa jina lake juu ya gari alilolinunua na kulimiliki mwanawe hana kifungo hicho, hata kama uchungu wa kulipoteza ni wake pia.

Wakati wa kugunduliwa kwa kasoro hii ndio unaoifanya iwe nzito. Siku ya kukata bima, kwa kawaida wakala huridhika na fomu iliyojazwa na ada iliyolipwa. Siku ya madai, mkaguzi huomba kadi ya gari, mkataba wa mauzo na risiti. Majina yasipolingana, swali la maslahi huulizwa kwa mara ya kwanza wakati ambapo haiwezekani tena kurekebisha chochote.

6. Hitimisho

Baadhi ya nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza zimeuacha uamuzi wa Macaura. Mwaka 1987 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada iliamua shauri la Kosmopoulos, lililohusu mwenye duka la bidhaa za ngozi mjini Toronto. Alikuwa mwanahisa pekee wa kampuni yake, na bima ilikuwa kwa jina lake badala ya jina la kampuni. Mahakama ilimpa haki kwa kurudi kwenye kipimo cha Jaji Lawrence: je, uharibifu ulimletea hasara halisi? Australia ilifanya hivyo kwa sheria ya 1984, ikafuta sharti la haki ya kisheria katika bima ya mali na kubakiza sharti la hasara ya kifedha.

Mabadiliko hayo hayakuwarudisha wacheza kamari. Jirani wa mfano wa shilingi 80,000,000 hashindi Kanada wala Australia, kwa sababu nyumba ikiungua yeye hapotezi kitu. Hilo linaonyesha kwamba lengo la 1745 linaweza kufikiwa kwa kipimo cha hasara pia. Hofu ya Eldon kuhusu wapagazi wa gatini ilikuwa hofu ya idadi ya madai. Haikuwa hofu ya kamari.

Pale ambapo kipimo cha Eldon bado kinatawala, mgawanyo wa mzigo uko wazi. Kampuni ya bima inaweza kupokea ada bila kuuliza na kukataa fidia kwa kuuliza. Mkata bima ndiye anayepaswa kuhakikisha, siku ya kwanza na kila umiliki unapobadilika, kwamba jina lililo katika hati ni la yule ambaye sheria itamwona kuwa amepoteza. Macaura alijua vyema ni nani angeumia mbao zikiungua. Hakujua kwamba sheria ilikuwa ikiuliza swali lingine.